Maharagwe ya nusu kilo kwa gesi kidogo: kuloweka, sufuria, mfuniko na moto

Mtungi wa kilo 6 ukiisha kabla ya mwezi kwisha, lawama humwendea aliyeujaza. Pengine anazistahili. Lakini katika nyumba inayochemsha maharagwe au githeri mara tatu kwa wiki, gesi nyingi huwa imepitia kwingine: imegeuka mvuke, ikatokea dirishani, na waliokuwa jikoni wakadhani ule mvuke ndio ishara kwamba chakula kinaiva.

Mwongozo huu unafuata sufuria moja tu: maharagwe makavu nusu kilo, yanayotosha watu watano au sita pamoja na wali au chapati, yakipikwa Nairobi kwenye meko ya kawaida iliyofungwa juu ya mtungi. Githeri, njahi na mbaazi hufuata njia hiyo hiyo, tofauti ikiwa ni muda.

Kwanza jua unalipia nini

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Aliyehama kutoka Pwani huligundua hili bila kipimajoto, maana maharagwe yale yale aliyozoea kuyapika kule yanamchukua muda mrefu zaidi huku.

Maji yakishaanza kutokota, joto lake halipandi tena. Ukiongeza moto mpaka sufuria itikisike, ndani bado ni nyuzi 94, na haragwe halina habari kwamba umeongeza kitu. Moto ule wa ziada unafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na hiyo ni kazi ya gharama kubwa. Kupasha lita moja ya maji ya mfereji hadi yachemke huhitaji kilojuli 310 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke huhitaji nyingine 2,260, yaani zaidi ya mara saba.

Tuiweke kwa shilingi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya kilojuli 46,000 hivi, na kwa meko ya kawaida tukadirie kwamba nusu yake ndiyo inayoingia kwenye sufuria. Nyingine inapasha hewa ya jikoni. Ukipiga hesabu, kila lita ya maji inayopaa kama mvuke imekula karibu gramu 100 za gesi. Tuseme umejaza mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 1,200: lita moja ya mvuke ni shilingi 20. Kama unalipa zaidi au pungufu, badilisha mwenyewe. Ishike hesabu hiyo, kwa sababu kila hatua inayofuata ni njia ya kupunguza ama mvuke unaopaa, ama saa ambazo unaendelea kupaa.

Kabla ya kuloweka, angalia ulichonunua

Maharagwe makuukuu hula gesi kuliko kosa lolote la mpishi. Yakikaa miezi mingi kwenye gunia mahali penye joto na unyevu, hubadilika ndani yakawa magumu kuiva, na kuloweka hakuwezi kuyarudisha yalivyokuwa. Rosekoko huonyesha hili wazi: sehemu yake ya rangi ya maziwa hugeuka kahawia na ngozi ikafifia. Muulize anayekupimia kama ni ya msimu huu, halafu uamini macho yako kuliko jibu lake.

Usichanganye pia ya zamani na mapya, wala rosekoko na wairimu, katika sufuria moja. Sufuria itangoja haragwe gumu kuliko yote, na mengine yatapondeka huku ukiendelea kulipa. Ukiipata mbegu ya Nyota kwa bei inayokaribiana na nyingine, ichukue, kwa sababu huiva haraka.

Kuloweka

Haragwe kavu likiingia kwenye maji ya moto lina kazi mbili za kufanya. Ya kwanza ni kunywa maji mpaka katikati. Ya pili ni kulainika, yaani gundi inayoshikanisha chembe zake iachie na wanga wake uvimbe. Kazi ya pili haifanyiki bila joto. Ya kwanza hufanywa na maji baridi usiku kucha, bure. Anayetia maharagwe makavu moja kwa moja motoni anatumia saa nzima ya gesi, au zaidi, kufanya kazi ambayo beseni la maji lingeifanya yeye akiwa amelala.

Nusu kilo ni robo ya gorogoro. Chambua mawe na yaliyotobolewa na wadudu, osha, kisha mimina lita moja na nusu ya maji safi. Tumia chombo kikubwa kuliko unavyodhani, maana yatakunywa maji yakaribie uzito maradufu, na yale ya juu yakibaki nje ya maji yatakuwa magumu peke yake. Saa 8 hadi 12 zinatosha.

Wengi wetu hatupiki asubuhi. Anayetoka Kayole au Githurai kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku ataloweka anapotoka, si anapolala. Katika baridi ya Juni na Julai hilo halina shida. Januari na Februari jikoni kukiwa na joto, maji yanaweza kuanza kutoa povu na harufu ya uchachu kabla hujafika nyumbani. Yaweke kwenye friji kama unayo. Kama huna, tafuta kona yenye baridi kuliko zote, au mwambie aliyebaki nyumbani abadilishe maji mchana.

Kujua kama yameloa sawasawa hakuhitaji saa. Toa haragwe moja ulikate katikati kwa kisu. Likiwa na rangi moja kutoka ngozi hadi ndani, tayari. Ukiona katikati pana sehemu nyeupe kavu, au uwazi kati ya zile nusu mbili, bado. Ngozi iliyokunjamana maana yake ngozi imekunywa lakini nyama yake haijafikiwa. Na yale machache yaliyobaki madogo na magumu kama changarawe huku wenzake yamevimba, yatoe. Hayo hayataiva leo.

Mwaga maji uliyolowekea, suuza, pika kwa maji mapya. Mama yangu hulipinga jambo hili kila mara, anasema ninamwaga nguvu ya chakula. Ni kweli kidogo cha virutubisho hutoka, lakini katika maji hayo kuna pia sukari zinazoleta gesi tumboni na sehemu ya sumu ya asili iliyo kwenye maharagwe mabichi, hasa mekundu. Tumesuluhishana kwa kuyamwagia sukuma wiki zilizo kwenye magunia ya udongo.

Ukisahau kuloweka, kuna njia ya mkato. Tia maharagwe na maji kwenye sufuria, chemsha yatokote dakika mbili, zima, funika, yaache saa moja. Yatakuwa yamefika karibu na yale ya usiku kucha. Umetumia gesi ya kuchemsha mara moja zaidi, gramu 30 hivi, lakini umeokoa saa nzima ya moto.

Magadi hulainisha pia, na kwa maharagwe makuukuu robo kijiko cha chai kwa nusu kilo husaidia kweli. Yakizidi, maharagwe huteleza, huonja sabuni, na vitamini B1 huharibika. Kwa maharagwe mapya yaliyoloa vizuri sioni haja yake.

Sufuria

Maharagwe uliyoloweka sasa yana uzito wa karibu kilo moja. Yakiwa na maji yanayoyafunika kwa vidole viwili, yote yatajaa kama lita mbili na nusu. Sufuria inayofaa ni ya lita nne hivi: theluthi mbili imejaa, theluthi moja ni nafasi ya povu. Maharagwe hutoa povu jingi mwanzoni, na sufuria ndogo itafurika. Kufurika hakuishii kwenye uchafu tu. Maji yakizima moto na gesi ikaendelea kutoka bila kuwaka, hiyo ni hatari ya nyumba nzima.

Kosa linaloonekana zaidi, hata hivyo, ni la upande mwingine: sufuria ya lita nane au kumi kwa nusu kilo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Uso wa maji unakuwa mpana, mvuke unapata uwanja. Kuta ni kubwa, zinatoa joto kwa hewa pande zote. Tena mpishi akiona maharagwe yamezama chini ya sufuria kubwa, huongeza maji ili moyo utulie. Maji hayo ya ziada utayapasha, kisha utayakausha ili mchuzi uwe mzito, na umeshajua bei ya kukausha.

Angalia kitako. Kipana sawa na duara la moto, au kikizidi kidogo, ndicho kinachotakiwa. Sufuria ndefu yenye kitako chembamba huacha ndimi za moto zipande ubavuni na kupotea. Zile za bati jepesi tunazonunua Kamukunji ni nzuri na huchemka haraka, lakini baada ya miezi kadhaa kitako huvimba, na sufuria huanza kuyumba kwenye meko. Mpelekee fundi aipige ilale sawa, kwani sufuria inayoyumba juu ya mtungi ni ajali inayongoja mtoto apite. Kwa sababu hiyo hiyo, usipandishe sufuria ya lita kumi iliyojaa juu ya meko ya kilo 6 hata kama una wageni. Pika mara mbili, au azima jiko pana.

Maji ni vidole viwili juu ya maharagwe, basi. Yakipungua utaongeza, na maji ya kuongeza yawe ya moto. Hapa ndipo mfuniko unapoingia.

Mfuniko

Sufuria nyingi sokoni huuzwa bila mfuniko, na ule uliokuja na seti ulishapotea. Sinia linafaa. Sahani ya bati inafaa. Kilicho bora kuliko vyote ni sufuria nyingine ndogo zaidi, yenye kitako bapa, iliyojazwa maji nusu na kukaa juu ya mdomo wa ile ya maharagwe bila kuacha upenyo. Mvuke unagonga kitako chake, unageuka maji na kudondoka ndani tena, na joto uliloachia linaingia kwenye maji ya juu. Baada ya nusu saa una maji ya moto ya kuongezea, na yanayobaki ni ya kuoshea vyombo, bila kuwasha moto mwingine. Fanya hivi tu kama sufuria ya chini ni pana na imetulia. Ikiwa inayumba, rudi kwenye sinia.

Wakati wa povu, dakika kumi za mwanzo, sogeza mfuniko uache upenyo mdogo, au toa povu kwa kijiko. Baada ya hapo funika kabisa. Povu likishapungua halirudi kwa nguvu ile, hasa moto ukishapunguzwa. Wengi waliochoka na mifuniko inayofurika hawajawahi kupunguza moto. Wanaondoa mfuniko, kisha wanalipa mvuke wote.

Na usiwe mtu wa kuchungulia. Ukifunua, wingu lote la mvuke linatoka kwa mkupuo na inabidi sufuria ianze kulijenga upya. Kufunua mara mbili katika upishi mzima kunatosha: mara moja katikati kuangalia maji, mara moja karibu na mwisho kuonja.

Moto

Kuna mioto miwili na wakati mmoja wa kubadilisha.

Wa kwanza ni mkubwa, mpaka maji yatokote. Lakini mkubwa una mpaka: ndimi zisitokeze nje ya kitako. Inama utazame kwa pembeni. Ukiona rangi ya buluu ikipanda ubavuni mwa sufuria, punguza hadi irudi chini ya kitako. Kile kilichokuwa kinapanda kilikuwa kinapasha ukuta wa jikoni. Ukiona ndimi za manjano na kitako kinaingia masizi, gesi haiungui vizuri. Zima, ngoja meko ipoe, safisha matundu yake kwa brashi, hasa kama jana uji ulimwagika.

Yakishatokota, yaache hivyo dakika kumi kamili. Usipunguze mapema kuliko hapo. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana ile sumu ya asili niliyoitaja, na kinachoiharibu ni mchemko wa kweli. Maharagwe yaliyopashwa kwa muda mrefu bila kuchemka yanaweza kumwacha mtu akitapika na kuharisha ndani ya saa chache. Hapa si pa kubana gesi.

Baada ya dakika hizo kumi, punguza. Watu husema maharagwe yasipotokota kwa fujo hayaivi, na hapo ndipo hela hupotelea. Ukishafunika, moto mdogo kabisa wa meko unatosha kushika nyuzi 94. Tega sikio: unataka mguno wa chini, siyo mngurumo. Tazama ukingo wa mfuniko: uzi mwembamba wa mvuke sehemu moja au mbili, na mfuniko wenyewe umetulia. Mfuniko unaocheza unakwambia moto bado ni mkubwa. Ukimya kabisa kwa dakika kadhaa maana yake umepunguza mno, ongeza kidogo.

Moto mdogo una adui mmoja, upepo. Kwenye nyumba ya chumba kimoja ambapo meko hukaa karibu na mlango, upepo wa jioni unaweza kuuzima bila wewe kujua. Hamisha meko pembeni na njia ya upepo, lakini usiizungushie mabati au kadibodi. Mtungi uko chini ya moto huo huo na haufai kufungiwa joto. Ukisikia harufu ya gesi, funga, fungua dirisha na mlango, usiwashe kiberiti wala taa mpaka harufu iishe.

Kwa jiko la makaa, mkono wako uko kwenye kile kimlango cha chini. Wazi mpaka yatokote na zile dakika kumi zipite, kisha kifunge karibu chote. Kwenye jiko lenye udongo wa kauri ndani, makaa yaliyopikia mwanzo mara nyingi hutosha kumalizia bila kuongeza mengine. Na jiko hilo libaki mahali penye hewa, kwa sababu makaa yanayoungua polepole hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kuiva, na kuzima kabla

Yakiwa mapya na yameloa vizuri, anza kuonja baada ya saa moja tangu yatokote. Mengi yatakuwa tayari kati ya saa moja na saa moja na robo. Usionje moja, chukua matano kutoka sehemu tofauti za sufuria, uyaminye kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Yote matano yakipondeka bila chembechembe, yameiva. Manne yakipondeka na moja likawa na kiini kigumu, zima moto, acha mfuniko ulipo, subiri dakika 15. Sufuria yenye kilo mbili za chakula cha moto haipoi haraka, na dakika hizo zinamalizia kazi bila gesi.

Mwenye kikapu cha kupikia, kile chenye mito ya nguo au sponji ndani, anaweza kuzima mapema zaidi: dakika kumi za mchemko, kisha nusu saa ya moto mdogo, kisha kikapuni saa mbili au tatu. Ukikuta yamepoa kiasi cha kushikika kabla ya kuiva, yarudishe motoni yachemke kweli kweli.

Nyanya, ndimu au ukwaju visiingie sufuriani mpaka maharagwe yawe laini. Asidi huizuia ile gundi ya ndani kuachia, na maharagwe yaliyobakiza dakika kumi yanaweza kukaa saa nyingine. Kitunguu na nyanya vikaange pembeni, dakika chache kwa moto wa wastani, kisha umimine maharagwe yaliyoiva ndani yake.

Hesabu ya sufuria mbili

Chukua nyumba mbili za ploti moja, nusu kilo ile ile ya rosekoko.

Ya kwanza haikuloweka. Sufuria iko wazi, moto juu, saa mbili na nusu. Tukadirie lita tatu zimepaa, zikijazwa maji baridi kila zinapopungua. Mvuke pekee ni gramu 300 za gesi. Kupasha sufuria mara ya kwanza ni gramu 30 hivi, kupasha yale maji baridi ya kuongezea ni 40, na joto lililotoka kwenye kuta kwa muda wote huo ni karibu 60. Jumla gramu 430, shilingi 86 kwa bei tuliyoiweka.

Ya pili imeloweka, imefunika, imepunguza moto, saa moja na robo. Kilichopaa ni kama robo lita, gramu 25. Kupasha mara ya kwanza ni karibu 30, na kuta ni 25. Jumla gramu 80, shilingi 16.

Haya ni makadirio ya karatasini, na meko yako inaweza kuwa mbaya au nzuri kuliko niliyoikadiria. Lakini tazama tofauti imetoka wapi. Kupasha maharagwe kumegharimu karibu sawa kwa nyumba zote mbili. Tofauti karibu yote ni mvuke. Kuloweka kumepunguza saa, na mfuniko pamoja na moto mdogo vimepunguza kinachopaa kila saa, ndiyo maana vinafaa kutumika pamoja. Aliyeloweka kisha akaacha sufuria wazi kwa moto mkubwa ameokoa nusu tu. Naye aliyefunika bila kupunguza moto hajaokoa karibu chochote, kwa sababu mvuke utausukuma mfuniko na kutoka vile vile.

Ukitaka kujua ya kwako, nunua au azima mizani ndogo ya kuning'iniza, ile wanayopimia mizigo ya safari. Meko ikiwa imezimwa na imepoa, ning'iniza mtungi kwa mshikio wake, andika uzito, pika, ngoja ipoe, pima tena. Mizani hizo hazioni gramu chache, kwa hiyo pima kwa wiki nzima badala ya sufuria moja. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiupima ukiwa umetoka kujazwa, bila meko, utajua pia kama ulipewa kilo 6 kamili.

Pale ambapo haya hayafai sana

Ndengu na kamande hazihitaji kulowekwa kwa ajili ya gesi. Ni ndogo, zinaiva chini ya saa moja zikiwa kavu, kwa hiyo mfuniko na moto mdogo vinatosha. Mahindi makavu ya githeri ni kinyume chake: yaloweke usiku kucha, uyatangulize motoni peke yake, na maharagwe yaliyoloa yaingie baadaye, kwa sababu mahindi huchukua muda mrefu kuliko maharagwe yoyote mapya. Muthokoi, ulioondolewa maganda, huiva mapema zaidi.

Sufuria ya presha hushinda mbinu zote hizi. Imefungwa, mvuke hautoki ovyo, na ndani joto hupanda hadi karibu nyuzi 115, kwa hiyo tatizo la mwinuko wa Nairobi huisha. Maharagwe yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika 20 hadi 25. Bado punguza moto mara tu inapoanza kupiga filimbi, na usijaze zaidi ya nusu kwa vitu vinavyotoa povu.

Asiye nayo anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kupika kilo moja mara moja badala ya nusu kilo mara mbili. Kupasha kunaongezeka maradufu, lakini muda ni ule ule na kuta hazikuongezeka sana: kama gramu 120 badala ya 160. Sufuria iwe ya lita saba au nane, na iwe juu ya jiko pana. Yaliyobaki yapoeze haraka kwenye vyombo vifupi, yaingie kwenye friji, yaliwe ndani ya siku tatu. Bila friji, pika ya siku moja tu, maana maharagwe yaliyolala sufuriani kwenye joto huchacha kabla ya asubuhi, na gesi uliyookoa inamwagwa pamoja nayo.